Mteja mpya anayepotea kabla ya malipo ya tatu: orodha ya mapokezi kwa kampuni ya intaneti Lubumbashi

Kampuni ndogo za intaneti ya antena mjini Lubumbashi zina shida ambayo daftari la mauzo haliionyeshi. Kila mwezi mafundi wanapanda mapaa Kampemba, Ruashi na Katuba, kila mwezi majina mapya yanaandikwa, na bado idadi ya wanaolipa inabaki palepale. Waliofungiwa antena mwezi wa tatu wengine hawaonekani tena mwezi wa tano. Dawa inayopendekezwa kila mara ni orodha ya kumpokea mteja: karatasi yenye mistari ya kuweka alama, kuanzia siku anapouliza bei mpaka mwezi wa kwanza uishe. Dawa ni nzuri, ila nyingi ya karatasi hizo zimejaa mambo ambayo hayajawahi kumfukuza mteja yeyote, na yale yanayomfukuza hayamo.

Nitakaa kwenye huduma hii moja ya intaneti ya antena, ambapo antena ya paa la mteja inapokea mawimbi ya mnara wa kampuni, kwa sababu mstari wa orodha una thamani tu ukitoka kwenye kosa linalojulikana la huduma inayojulikana.

Hapa hakuna anayekuja kuaga

Mteja wetu havunji mkataba. Analipa kabla, siku 30 zinaisha, halafu anakaa kimya. Hatumi tena pesa kwa M-Pesa wala Airtel Money wala Orange Money, antena inabaki juu ya paa ikipigwa jua, na ofisini jina lake linaendelea kuhesabiwa kati ya wateja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuamua ni lini ukimya unageuka kuondoka. Siku 10 baada ya muda kuisha ni kipimo kinachofaa. Ukiweka siku tatu, utawahesabu waliosafiri na wanaosubiri mshahara. Ukiweka siku 40, utapata habari wakati hakuna la kufanya tena.

Kazi ya pili ni kuwapanga wateja kwa mwezi waliofungiwa, si kuwachanganya wote. Ukichanganya, wateja wa miaka mitatu wanaolipa bila kukumbushwa watakuficha shida ya hawa wapya. Tuchukue kampuni ya mfano: mwezi wa tatu imefunga antena kwa wateja 40. Waliolipa mara ya pili ni 31, waliolipa mara ya tatu ni 27. Wameondoka 13.

Hasara yake tuipige hivi, bado kwa mfano. Antena, ruta, nguzo ya bomba, kebo na kazi ya mafundi wawili na pikipiki yao vinafika dola 90. Mteja analipa 40 siku ya kufungiwa, 50 inabebwa na kampuni. Abonema ni dola 35 kwa mwezi, na baada ya kununua intaneti yenyewe na kulisha mnara inabaki 15. Basi mteja lazima alipe mara nne ndipo zile 50 zirudi. Wale 13 wote wameondoka kabla. Antena yao unaweza kuichukua, ukimkuta mtu nyumbani na akakubali kufungua lango. Kebo na siku ya fundi havirudi.

"Rezo yenu haiko muzuri"

Wapigie simu hao 13 uwaulize. Tuseme wanane wanajibu maneno yaleyale: rezo yenu haiko muzuri. Watatu wanataja pesa. Mmoja amehama kartie, mmoja hapokei. Kampuni nyingi zinaishia hapo, zinaandika "ubora wa mtandao: 8", na mkurugenzi anakwenda kukopa ili anunue antena kubwa zaidi ya mnara. Mara nyingi fedha hiyo inapotea bure, maana jibu la mteja linaeleza alichokiona na si kilichosababisha. Mteja hajui kutofautisha antena, ruta, ukuta na umeme, na si kazi yake kujua.

Kinachotofautisha ni kumbukumbu za mnara. Mashine ya juu inaandika, kwa kila antena ya mteja, nguvu ya mawimbi na saa ilizokuwa imeunganishwa. Nguvu hiyo inasomwa kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa: ikikaribia sifuri ni bora. Kwa antena za kawaida za gigahezi 5, kati ya -50 na -65 mteja yuko vizuri. Ikishuka chini ya -75, mwendo unakatikakatika.

Mteja akisema jana usiku hapakuwa na mtandao, na kumbukumbu zinaonyesha antena yake ilikuwa imeunganishwa usiku kucha kwa -58, basi kosa liko ndani ya nyumba: waifai haifiki chumbani. Kama antena yake ilizimika dakika ileile na za majirani wa avenyu moja, huo ni umeme wa SNEL. Kama ilikuwa -58 na baada ya dhoruba imekuwa -72 siku zote, nguzo imegeuzwa na upepo. Na kama mawimbi ni mazuri lakini wateja wote wa upande ule wa mnara wanapata mwendo mdogo kati ya saa moja na saa nne usiku, basi mnara umejaa kweli.

(Watu wanapenda kuilaumu mvua. Kwa gigahezi 5 na umbali wa kilomita chache, mvua yenyewe inapunguza kidogo sana. Kinachoua mawimbi ni majani yenye maji. Mwembe uliokuwa pembeni tu ya njia ya antena mwezi wa nane, kufika mwezi wa kwanza umeota matawi mapya na yamelowa.)

Rudi kwa wale wanane wa mfano wetu, mmoja mmoja, kwa kumbukumbu mkononi: wanne ni waifai ya chumbani, wawili ni umeme, mmoja nguzo iliyogeuka, mmoja tu ni mnara uliojaa. Wale watatu wa pesa nao tuwaangalie. Wawili walilipa, lakini namba ya akaunti iliandikwa vibaya, malipo hayakuonekana, wakakatiwa huku wana ujumbe wa simu unaothibitisha wamelipa. Wa tatu analipiwa na mume aliyeko kazini Kolwezi, na mume hakuambiwa tarehe.

Hesabu sasa: tisa kati ya 13 wameondoka kwa sababu ya mambo ambayo yangeweza kumalizwa siku ya kufungiwa antena au kabla yake. Kutoka kwa hao tisa ndipo orodha inazaliwa.

Kabla ya kupokea pesa

Mstari wa kwanza ni fundi kupanda juu na kuuona mnara kwa macho, au kupima kwa antena ya mkononi, kabla mteja hajalipa. Ikiwa mawimbi ni -75 au chini zaidi, kampuni inakataa pesa. Muuzaji atanuna, na mteja mwenyewe atabembeleza: fungeni tu, tutaona. Huyo ndiye atakayeondoka mwezi wa pili na kuieleza avenyu nzima.

Mstari wa pili ni maswali matatu yanayoandikwa: nani ataitumia, katika chumba gani, saa ngapi. Majibu yake yanabadilisha kazi. Mwanafunzi anayefuata masomo kwa video usiku akiwa chumba cha nyuma hahitaji kitu kilekile na duka la dawa linalotumia WhatsApp mchana. Hapo pia ndipo mwendo unaelezwa kwa lugha ya matumizi. Video safi kwenye televisheni inakula kama megabiti 5 kwa sekunde. Mwenye abonema ya megabiti 10 anaweza kuwasha televisheni mbili, ya tatu itaanza kusuasua. Na kama mwendo huo unashirikiwa na wengine, iandikwe kabisa ni kiasi gani anategemea kupata saa mbili usiku, siyo namba ya saa tisa alfajiri iliyoko kwenye bango. Muuzaji akisema "megabiti 10" bila neno "mpaka", ameshamtengeneza mtu wa kuondoka.

Siku ya antena

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu wateja sita kati ya wale tisa walipotelea hapa.

Desturi ya fundi ni hii: anaelekeza antena, anashusha kebo, anaweka ruta sebuleni karibu na dirisha kebo ilipoingilia, anafungua kompyuta yake, anapima mwendo akiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta, anaonyesha namba nzuri, mteja anatia sahihi. Kila kitu ni kweli na bado hakijathibitisha kitu ambacho mteja atakitumia. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, kuta nene, na mlango wa chuma kati ya sebule na ukumbi wa vyumba. Masafa ya gigahezi 5 ya ruta, yaliyo ya kasi, yanachoka haraka kwenye kuta kama hizo. Ya gigahezi 2.4 yanapenya zaidi lakini ni ya polepole, na katika kartie yenye nyumba zilizobanana yanagongana na ya majirani.

Kwa hiyo kipimo kiwe mara mbili. Kwanza kwa kebo, moja kwa moja kwenye ruta: hicho kinaonyesha antena na mnara. Pili kwa simu ya mteja mwenyewe, si ya fundi, katika chumba alichokitaja kwenye yale maswali matatu, mlango ukiwa umefungwa kama unavyofungwa usiku. Namba zote mbili zinaandikwa. Kama ya kwanza ni 10 na ya pili ni 2, fundi asitoke. Anaisogeza ruta katikati ya nyumba, hata kama kebo itahitaji mita 12 zaidi, au anamweleza mteja bei ya kifaa cha pili cha kusambaza waifai. Mteja anaweza kukataa kukinunua. Lakini amekataa akijua, na miezi miwili baadaye hataita hilo "rezo mbaya".

Halafu umeme. Delestaji si kosa la kampuni ya intaneti, ila kampuni ndiyo inayolaumiwa, kwa sababu taa zikizimika mtu bado ana simu yenye chaji mkononi na anaona hakuna mtandao. Antena na ruta kwa pamoja vinakula kidogo, tuseme wati 14. Betri ndogo ya volti 12 na amperesaa 7 ina watisaa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unabaki na 42, yaani karibu saa tatu, pungufu kidogo kwa sababu kifaa cha kubadilisha volti nacho kinakula. Hizo saa tatu zinaweza kuvuka jioni moja ya delestaji. Mstari wa orodha usisome "mteja ameelezwa kuhusu umeme". Usome: fundi amezima swichi kuu ya nyumba mbele ya mteja, na wote wawili wameona kilichotokea. Kama kuna betri, mtandao unaendelea na mteja anajua amenunua nini. Kama hakuna, unakatika, na anajua huo ndio utakaomkuta kila umeme ukiondoka. Dakika moja hiyo inazuia simu nyingi za hasira.

Msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi mpaka wa nne, ongeza neno moja: radi ikianza, chomoa plagi ya antena. Ruta iliyounguzwa na radi ni mabishano ya nani alipe, na mabishano hayo huishia mteja kuondoka.

Pesa: namba, tarehe, mtu

Wale wawili waliokatiwa huku wamelipa wanastahili mstari wao wenyewe, kwa kuwa hakuna kinachomkasirisha mtu zaidi ya hicho. Malipo ya kwanza ya abonema yafanywe fundi akiwepo, kwa simu ya yule atakayelipa kila mwezi, akiandika namba ya akaunti kwa kidole chake. Namba ihifadhiwe kwenye simu hiyo kama jina la mtu, si kwenye kipande cha karatasi kitakachopotea. Kama mlipaji ni mume aliyeko Kolwezi au dada aliyeko Likasi, apigiwe saa hiyohiyo, aambiwe kiasi na tarehe. Ofisi iwe na namba mbili kwa kila nyumba: ya anayetumia na ya anayelipa. Kikumbusho cha malipo kinakwenda kwa anayelipa. Kikimfikia mtoto wa shule, kinafutwa.

Tarehe nayo ichaguliwe. Mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, ukimfungia antena tarehe 12, muda wake utakwisha kila mara akiwa mfuko mtupu. Mwombe alipe siku 18 za kwanza peke yake, kisha mwezi mzima uanze anapopata mshahara. Na kama bei iko kwa dola lakini analipa kwa franka, aandikiwe kiwango ni cha siku gani: cha siku ya kulipa, au kilichopangwa na kampuni kwa mwezi mzima. Tofauti ya franka chache ikimkuta hajui, ataona anaibiwa.

Simu ya siku ya pili

Ofisi inayopiga simu ya kujali wateja inasikika hivi: "Mama, habari ya intaneti?" Anajibu: "Inaenda biyen, papa." Alama inawekwa, simu inakatwa. Mama huyu ana adabu, hatamlalamikia mtu asiyemjua, tena huenda si yeye anayeitumia. Swali linalofaa ni la jambo lililotendeka: "Mama, jana usiku saa mbili watoto walifanya nini kwenye intaneti? Video ilikwama?" Hapo anamwita mtoto, na mtoto anasema ukweli wote.

Simu tatu zinatosha: siku ya pili, siku ya saba, na siku tatu kabla muda kuisha, hii ya mwisho kwa mlipaji. Kabla ya kupiga, anayepiga afungue kumbukumbu za mnara za nyumba hiyo. Matumizi yakiwa yameshuka kutoka kila siku hadi mara mbili kwa wiki, hiyo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote, hata mteja akisema inaenda biyen.

Alama za uongo

Fundi mwenye nyumba nne kwa siku atajaza karatasi yote akiwa juu ya pikipiki. Simlaumu sana, mstari unaojazwa kwa alama tu unamwalika. Dawa ni kila mstari kudai kitu kisichoweza kubuniwa kirahisi. Karatasi nzima inaweza kuwa hivi, na haihitaji zaidi:

- Mawimbi kabla ya malipo: picha ya kioo yenye namba ya dBm (fundi)
- Nani, chumba gani, saa ngapi. Mwendo wa jioni ulioahidiwa (muuzaji)
- Mwendo kwa kebo, na mwendo chumbani kwa simu ya mteja: picha mbili (fundi)
- Swichi kuu imezimwa: mtandao uliendelea, au ulikatika (fundi, sahihi ya mteja)
- Malipo ya kwanza: namba ya muamala, simu ya mlipaji, tarehe iliyochaguliwa (muuzaji)
- Siku ya 2, ya 7, na tatu kabla ya mwisho: alichosema, na alichoonyesha mnara (ofisi)

Na pesa ya watu ifuate karatasi. Muuzaji apate nusu ya komisheni mteja anapofungiwa, nusu mteja anapolipa mara ya tatu. Jihadhari na upande wake mbaya: akianza kukwepa komini za watu wa kipato kidogo kwa hofu ya kupoteza nusu yake, utaona wateja wapya wanatoka sehemu moja tu ya mji, na itabidi uzungumze naye.

Yule mteja mmoja wa mnara uliojaa hataokolewa na karatasi hii. Upande wa mnara ukibeba watu kupita uwezo wake, mpigie simu hata mara kumi, video itakwama saa mbili usiku. Hapo kampuni inaacha kuuza upande huo mpaka iongeze uwezo, hasa sasa ambapo Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipata kibali cha ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, mwaka 2025 na mwenye pesa ana pengine pa kwenda. Aliyehama kartie pia haokolewi, ila anaweza kuulizwa amehamia wapi.

Kisha subiri. Wateja 40 kwa mwezi ni wachache: kutoka 13 hadi 11 waliopotea inaweza kuwa bahati tu, au msimu. Linganisha miezi mitatu ya kabla na miezi mitatu ya baada, na uwapigie tena walioondoka, kumbukumbu za mnara zikiwa mbele yako. Ikiwa kwa miezi hiyo hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa sababu ya namba ya akaunti, mstari huo umefanya kazi, uache. Sababu mpya ikijitokeza mara mbili, nayo ipate mstari wake, na ule ambao haujawahi kukamata kosa lolote ufutwe, ili karatasi ibaki upande mmoja ambao fundi anaweza kuujaza akiwa bado ndani ya nyumba ya mteja.